Fedha ya Mwezi wa Kumi na Njaa ya Mwezi wa Nne



Katika vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, kutoka Nkoaranga na Akeri hadi Poli na Sing'isi, yapo mambo mawili ambayo kila mtu anayafahamu lakini ambayo mara chache hutajwa pamoja. La kwanza ni kwamba kati ya mwezi wa nane na wa kumi na mbili fedha huonekana. Mahindi na maharage yamevunwa, kahawa inachumwa, na malipo ya awali yanatoka kwenye chama cha ushirika. La pili ni kwamba kati ya mwezi wa pili na wa sita kaya zile zile hununua unga kwa kilo, na baadhi yake huenda kwa mwenye fedha kuomba mkopo wa kupalilia shamba. Tunaamini kwamba njaa ya mwezi wa nne haianzi mwezi wa nne. Mara nyingi huwa imekwisha kuamuliwa mwezi wa nane, siku gunia la kwanza linapopakiwa kwenye gari la mnunuzi.

Jambo hili tunaliita la haki kwa sababu lina upande wa pili. Kila mkulima anayeuza kwa bei ya chini anakutana na mtu anayenunua kwa bei hiyo, na kila anayekopa wakati wa palizi anakutana na mtu aliyekuwa akiungojea wakati huo. Huko Kagera desturi ya kuuza kahawa ingali maua ina jina lake, nayo huitwa butura. Kwetu haina jina moja, lakini ipo. Mwenye fedha humpa mkulima shilingi 30,000 mwezi wa nne, naye mkulima humlipa gunia moja la mahindi mwezi wa nane. Ikiwa gunia hilo siku ya mavuno lina thamani ya shilingi 50,000, basi mkulima amelipa riba ya shilingi 20,000 kwa mkopo wa 30,000 katika miezi minne. Hiyo ni theluthi mbili ya fedha aliyopewa. Kwa kuwa imelipwa kwa debe na gunia, hakuna aliyeiita riba.

Kabla ya kumlaumu mkopeshaji peke yake, hatuna budi kutazama namna kaya inavyoweza kujipanga ili isifike mlangoni kwake. Tuchukue mfano wa kaya moja ya watu sita. Tumeichora wenyewe na bei zake ni za mfano. Msomaji aweke bei za kwao, kwa kuwa tunachotaka kuonyesha ni mwenendo wa hesabu. Kaya hii ina kihamba cha migomba na kahawa huku juu, miti 600 ya kahawa, na ekari moja na nusu ya mahindi tambarare upande wa Kikwe. Imevuna magunia 15 ya mahindi. Kahawa yake, baada ya kumenywa na kukaushwa, ni kilo 250. Ushirika umelipa shilingi 4,000 kwa kilo kama malipo ya awali, yaani shilingi 1,000,000, na kuahidi malipo ya pili baada ya mnada.

Chakula kwanza

Hesabu ya kwanza haifanywi kwa shilingi. Inafanywa kwa debe. Kaya ya watu sita inayokula pia ndizi na maharage hutumia mahindi kama kilo mbili kwa siku, yaani kilo 60 kwa mwezi, ambazo ni debe tatu na nusu hivi. Kwa miezi kumi na miwili hayo ni magunia saba na kidogo. Tukiongeza wageni, msiba na siku ambazo mvua inachelewa, tunapata magunia manane. Haya manane si bidhaa, na bei yake ya sokoni leo isiulizwe. Yanayobaki, yaani saba, ndiyo mazao ya kuuza.

Wengi watasema kwamba ni afadhali kuuza yote, kupata fedha nyingi kwa pamoja na kuiweka kwenye mradi, kisha kununua unga kidogo kidogo. Tuipime hoja hiyo kwa haki. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa saba kaya hii inahitaji kilo 360, ambazo tunaweza kuziita magunia manne. Yakiuzwa mwezi wa nane kwa shilingi 50,000 yanaleta shilingi 200,000. Yakinunuliwa tena baadaye kwa wastani wa shilingi 85,000, yanagharimu shilingi 340,000. Tofauti ni shilingi 140,000. Hata tukitoa shilingi 20,000 za mifuko mizuri ya kuhifadhia, bado kaya iliyoyaweka ndani imeokoa shilingi 120,000 kwa mali iliyokuwa na thamani ya 200,000. Mradi gani wa kijijini unaweza kuahidi pato kama hilo bila jasho wala leseni?

Lakini lazima tutofautishe mambo mawili yanayofanana kwa nje. Kuweka mahindi ya kula ni kinga. Kuweka mahindi ili kuyauza baadaye ni biashara, na biashara ina hatari zake. Bei ya mahindi ya Arusha inafuata pia soko la Kenya kupitia Namanga. Mwaka 2011, na tena mwaka 2017, Serikali yetu ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi. Mwezi Machi 2021 Kenya nayo iliyazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu. Aliyekuwa ameweka magunia hamsini akingojea bei aliona hasara. Aliyekuwa ameweka manane ya kula hakupoteza kitu, kwa sababu gunia analolila mtu thamani yake ni ile bei ambayo angelinunulia. Kwa hiyo tunashauri kwamba yale saba ya ziada yauzwe bila tamaa ya kungoja kilele. Katika mfano wetu yameuzwa yote kwa shilingi 50,000 na kuleta 350,000.

Kinga hii ina adui wawili, unyevu na dumuzi. Dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Skania, aliingia nchini kwa upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa miezi michache anaweza kuligeuza gunia kuwa unga usiofaa. Mahindi yakiwekwa kabla hayajakauka, huota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Namna rahisi ya kujua ukavu ni hii. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, weka mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, nayo yarudi juani juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi isipoganda, yanafaa kuwekwa. Mfuko usiopitisha hewa, ambao wengi huuita kinga njaa, una mifuko miwili ya nailoni ndani ya gunia la kawaida. Wadudu walio ndani hukosa hewa na kufa bila dawa yoyote. Ubaya wake ni kwamba tundu moja la panya huiharibu kazi yote, na kwamba anayeufungua kila siku kuchota kibaba huingiza hewa tena. Basi afungue mfuko mmoja, autumie hadi uishe, ndipo afungue mwingine.

Fedha ihesabiwe kwa miezi

Sasa tugeukie shilingi. Kaya yetu ina 350,000 za mahindi na 1,000,000 za kahawa. Gharama za mavuno, yaani vibarua, magunia na usafiri kutoka tambarare, zimekula 150,000. Zimebaki 1,200,000. Kwa mtu aliyekaa miezi mitano bila noti mkononi, kiasi hiki kinaonekana kikubwa mno, na hapo ndipo lilipo jaribu. Fedha ya mkupuo hudanganya macho, kwa sababu mtu huiona kama mali ya siku ile, kumbe ni mshahara wa mwaka uliolipwa mara moja.

Dawa yake ni kuandika miezi kwenye karatasi, kuanzia wa kumi na moja hadi wa saba, na mbele ya kila mwezi kuandika deni linalojulikana. Mwezi wa kwanza shule zinafunguliwa. Ingawa ada imefutwa katika shule za umma, kwa msingi mwaka 2002 na kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, sare, madaftari, nauli na michango ya chakula havikufutwa, tuseme 250,000. Mwezi wa pili na wa tatu ni kulima, mbegu na mbolea, na baadaye palizi, tuseme 300,000. Jikoni kunahitajika sukari, mafuta, chumvi, sabuni na mafuta ya taa au umeme, jumla 60,000 kwa mwezi. Mama wa nyumba huuza ndizi soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi, naye hupata kama 40,000 kwa mwezi. Pengo ni 20,000, na kwa miezi tisa ni 180,000. Tukiongeza 120,000 za ugonjwa na msiba, jumla ya madeni yanayojulikana ni 850,000.

Kwa hiyo fedha iliyo huru kweli, inayoweza kuitwa mtaji, ni shilingi 350,000. Siyo 1,200,000. Tunaomba msomaji akae na tarakimu hizi mbili kwa muda. Mkulima anayenunua pikipiki mwezi wa kumi na moja kwa kuamini kwamba ana milioni moja na laki mbili amekwisha kukopa kutoka kwenye mbolea ya mwezi wa tatu, naye atakwenda kuililipia kwa gunia la shilingi 30,000.

Utaona pia kwamba hatukuyahesabu malipo ya pili ya kahawa. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Malipo hayo hutegemea bei ya mnada unaosimamiwa na Bodi ya Kahawa, makato ya chama, na siku ambayo fedha itafika. Mwaka mmoja huja mapema, mwaka mwingine huchelewa au huwa kidogo. Fedha ya namna hiyo haifai kuahidiwa jikoni wala shuleni. Ikija, iende moja kwa moja kwenye mtaji. Isipokuja, mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili yake.

Zile 850,000 ziwekwe mahali penye sifa tatu: pasipo rahisi kuzichota kwa hamu ya siku moja, pasipo na ugumu wa kuzipata kwa tarehe yake, na pasipo hatari ya kuzipoteza. Akaunti ya benki au ya SACCOS iliyosajiliwa yafaa. Simu ni salama kuliko godoro, lakini makato ya kutoa kidogo kidogo hujumlishana, na ni rahisi mno kuigusa. Mahali pasipofaa ni pale panapoahidi kuizidisha fedha kwa wiki chache. Mwaka 2009 Serikali ilifunga upatu wa DECI, ambamo watu, wengi wao waumini, walikuwa wameambiwa kwamba wanapanda mbegu. Neno hilo lilimgusa mkulima kwa sababu anajua kupanda. Lakini mkulima anajua pia kwamba hakuna mbegu inayozaa kwa kula mbegu ya aliyepanda baada yake.

Mtaji uchaguliwe kwa mwezi wake

Zimebaki 350,000, na labda mwaka huu zitaongezeka 500,000 za malipo ya pili. Ziende wapi? Wengi huuliza mradi upi unalipa zaidi. Sisi tunashauri swali lingine litangulie: mradi upi unalipa mwezi ambao hatuna kitu? Kuongeza miche ya kahawa ni jambo jema, lakini mche huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na ukizaa unaleta fedha mwezi ule ule wa kumi ambao fedha tayari ipo. Kukodi ekari nyingine ya mahindi kunaongeza mzigo wa mbolea mwezi wa tatu na kuongeza magunia mwezi wa nane. Miradi hiyo hukuza mlima na kuliacha bonde lilivyo.

Maziwa ni tofauti, kwa sababu huugeuza mkupuo kuwa pato la kila siku. Tena ng'ombe anaweza kupangiwa mwezi. Hubeba mimba kwa miezi tisa na siku chache, na huachwa kukamuliwa kwa takriban miezi miwili kabla ya kuzaa. Akipandishwa katikati ya mwezi wa nne, atazaa karibu na mwisho wa mwezi wa kwanza. Maziwa yake huwa mengi zaidi katika miezi miwili au mitatu ya mwanzo, yaani mwezi wa pili, wa tatu na wa nne, wakati unga ni ghali na majani ya masika yanaanza kuota. Nayo miezi miwili ya kutokamuliwa itaangukia mwishoni mwa mwaka, wakati fedha ya kahawa ipo nyumbani. Anayempandisha ng'ombe siku yoyote bila kuandika tarehe anaweza kujikuta hana tone la maziwa katika mwezi ule ule ambao hana hata senti.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Shilingi 350,000 hazinunui mtamba mwenye mimba. Hilo ni lengo la misimu miwili au zaidi, nayo malipo ya pili ndiyo yawekwe kwa ajili hiyo. Wakati huo mbuzi wa maziwa anaweza kutangulia. Pia ng'ombe asiye na chakula ni deni lenye pembe. Kuanzia mwezi wa nane majani huku juu huadimika, kwa hiyo mabua ya tambarare yapandishwe na kufunikwa mara baada ya mavuno, na gharama yake iandikwe pamoja na gharama za mavuno. Tena ndigana kali inaweza kumwangusha mnyama kwa siku chache. Anayenunua aulize kwanza habari za chanjo na kuogesha, ndipo aulize bei.

Yanayotuhusu kwa pamoja

Baadhi ya mambo hayawezi kutengenezwa na kaya peke yake. Tunataja matatu.

La kwanza ni vikundi vya hisa na VICOBA. Vingi hugawana fedha mwezi wa kumi na mbili, na fedha hiyo huishia kwenye sikukuu. Hakuna sheria inayolazimisha mwezi huo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe, lakini siku ya kugawana huamuliwa na wanachama wenyewe. Kikundi kikihamisha mgawo wake hadi mwisho wa mwezi wa pili, kila mwanachama ataingia shambani na mbegu na mbolea mkononi, na yule mwenye gunia la shilingi 30,000 atakosa wateja. Hatujui hatua yenye gharama ndogo kuliko hiyo.

La pili ni vyama vya ushirika. Mwanachama ana haki ya kujua, kabla ya kupeleka kahawa yake, malipo ya awali ni kiasi gani, makato ni yapi, na baada ya mnada kahawa ya chama iliuzwa kwa bei gani. Anayenyimwa habari hizi hawezi kupanga mwaka wake, hata akiwa na karatasi na kalamu.

La tatu liko ndani ya nyumba. Katika kaya nyingi kahawa ni ya bwana, na ndizi na maziwa ni ya bibi. Kwa hiyo fedha ya mkupuo huingia mfuko mmoja, na miezi ya njaa huachwa mikononi mwa mwingine. Mama anayejua debe ngapi zimebaki hakuulizwa siku magunia yalipouzwa. Ile karatasi ya miezi tuliyoitaja haina maana ikiandikwa na mtu mmoja. Iandikwe na wote wawili mezani, kabla gari la mnunuzi halijafika, na isibadilishwe na mmoja bila mwenzake. Haki tunayoidai kwa mnunuzi na kwa chama inaanza hapo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Kaya yetu inahitaji debe ngapi hadi mavuno yajayo, na ni nani aliyezihesabu?

2. Ni kaya ngapi kati yetu zilizouza mazao mwaka huu yakiwa bado shambani, na zilikuwa zinalipia nini?

3. Kikundi chetu cha hisa kinagawana mwezi gani, na nani ananufaika na mwezi huo?